Kabla Manusura wa Saratani Hajashika Kipaza Sauti

Mkutano wa kuhamasisha uchunguzi wa saratani huandaliwa kwa wiki kadhaa. Mahema yanakodiwa, fulana zinachapishwa, wauguzi wanapangiwa zamu, mgeni rasmi anapigiwa simu mara tatu. Kitu kimoja ndicho huachwa kijitengeneze chenyewe jukwaani: yale maneno machache ambayo mshereheshaji anayatumia kumkaribisha mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wenyewe. Na yakiachwa hivyo, mara nyingi hutoka namna hii. Maneno ni ya kutunga, ila aliyezoea kuhudhuria mikutano hii atayatambua:

"Ndugu zangu, leso ziwe karibu! Mama mnayemwona hapa tulishakata tamaa naye. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya nne, imemtafuna, mume akamkimbia, nywele zote zikanyonyoka. Lakini alipigana vita na kwa muujiza leo ni mzima kabisa, wala huwezi kujua! Tumpe pole, jamani! Na mwenye moyo wa kumtunza apite mbele."

Umati unaitikia "Poleee" kwa sauti moja. Watu wawili wanapita mbele na noti. Mama anakishika kipaza sauti akiwa tayari ameshageuzwa mgonjwa, ombaomba na maajabu ya Mungu, na hajasema hata neno.

Mshereheshaji huyu hakuwa na nia mbaya. Alitaka watu waguswe, na kweli wameguswa. Swali ni wameguswa waelekee wapi. Kwenye kona ya uwanja lipo hema ambamo wauguzi wanasubiri wanawake waje kupimwa. Aliyesikia utambulisho ule anaanza kuwaza kaburi, ndoa kuvunjika na kunyonyoka nywele. Hayo si mambo ya kumfanya mtu asimame kwenye foleni. Ni ya kumfanya akumbuke kwamba ameacha maharage jikoni.

Tuchukue aina hii moja ya saratani, ile ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote kuitambulisha mbele za watu. Ziwa linaweza kutajwa mbele ya mkwe na shehe bila mtu kuinamisha uso. Mlango wa kizazi hautajwi hivyo. Isitoshe, chanzo chake kikubwa ni virusi vya papiloma, vinavyojulikana kama HPV, na vinaambukizwa kwa kujamiiana. Utani mmoja wa mshereheshaji kuhusu "mambo ya ujana" unatosha kumvua mzungumzaji heshima yake yote, tena bila haki. Virusi hivyo vimeenea kiasi kwamba wengi wa wanaojamiiana hukutana navyo wakati fulani maishani, akiwemo mke ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe. Kwa wengi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wachache vinabaki, na seli za mlango wa kizazi zinaanza kubadilika polepole.

Huo upole wa mabadiliko ndio ufunguo wa mkutano mzima. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, safari kutoka mabadiliko ya kwanza hadi saratani yenyewe huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi bila dawa, inaweza kuwa 5 hadi 10. Hema lile la pembeni halikuwekwa kuwatafuta wenye saratani pekee. Kazi yake kubwa ni kuyakuta mabadiliko katika miaka hiyo mirefu ya katikati. Muuguzi anapaka mlango wa kizazi asidi ya siki iliyozimuliwa, ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri kama dakika moja, kisha anatazama kwa macho kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikionekana, na ikiwa inafaa kwa tiba hiyo, inaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto siku ile ile, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Mama aliyepo jukwaani alipitia kitu kingine kabisa. Saratani iliyokwisha kusambaa karibu na mlango wa kizazi hutibiwa kwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, kwa wiki kama tano, pamoja na dawa inayotiwa kwenye mshipa kila wiki, na baadaye mionzi ya ndani inayowekwa kupitia ukeni. Asipotenganishiwa vitu hivi viwili, msikilizaji ataondoka akiamini kwamba kuingia kwenye hema ni kuanza safari ya yule mama. Hapa ndipo utambulisho unapofanya kazi ambayo hotuba yenyewe haiwezi kuifanya vizuri: unamwambia msikilizaji, kabla simulizi haijaanza, kwamba anachokwenda kusikia ni habari ya mtu aliyefika akiwa amechelewa, na kwamba hema lipo ili yeye asichelewe.

Lakini utambulisho wa aina hiyo haubuniwi jukwaani. Unaanza kwa simu, siku kadhaa kabla, kati ya mshereheshaji na mzungumzaji mwenyewe. Kuongea na mratibu hakutoshi, maana mratibu naye amesikia kwa mtu.

Tuseme, kwa mfano, mzungumzaji ni mwalimu wa hisabati wa sekondari mwenye umri wa miaka 51, aliyetibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 2017. Tumwite Mwalimu Fulani. Mshereheshaji anampigia, anamwamkia, na jambo la kwanza analomuuliza halihusu ugonjwa: anataka aitwe nani? Wapo wanaopenda kuitwa manusura. Wapo wanaopenda shujaa, au mshindi. Wapo wasiotaka lolote kati ya hayo, wanaosema wao ni walimu au mafundi cherehani ambao katika maisha yao waliwahi kuugua. Huyu anajibu: "Niite Mwalimu. Hiyo nyingine nitaisema mwenyewe."

Swali la pili ni nini kisitajwe. Orodha hii huwa na mambo ambayo mtu wa nje hayafikirii. Mwalimu Fulani ana binti aliye kidato cha tatu katika shule ambayo wanafunzi wake watakuwa uwanjani, kwa hiyo watoto wasitajwe. Mumewe hajambo na wanaishi pamoja, ila hapendi asemwe. Hatua ya ugonjwa anaweza kuieleza yeye mwenyewe, kwa sababu anajua namna ya kuieleza isitishe. Hali ya virusi vya Ukimwi, iwe ipi, haiulizwi kabisa. Uhusiano wa virusi hivyo na saratani hii unajulikana na daktari atauzungumzia kwa jumla. Kuuliza mtu mmoja mbele za watu ni kumwanika. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa kisheria pia, Kenya tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni vyema waandaaji wanaopiga picha na kuzirusha mitandaoni kabla mzungumzaji hajakaa chini walikumbuke hilo.

Swali la tatu ndilo linaloubeba utambulisho: mwalimu anataka watu waondoke na kitu gani kimoja? Jibu lake halihusu mionzi. Anataka kueleza kwamba alikuwa akitokwa na matone ya damu baada ya tendo la ndoa kwa miezi minane, akajiambia ni hedhi inayoelekea kukoma, na kwamba katika miezi hiyo alipita mbele ya zahanati kila siku akienda kazini. Hilo ni jambo ambalo mshereheshaji asingeweza kulibuni, na akishalijua anapaswa kulitunza: asilitoboe. Atauelekeza umati kwenye mlango wa hadithi, auache ufunguliwe na mwenyewe.

Halafu anaandika, na siku moja kabla anamsomea mwalimu neno kwa neno. Utambulisho mzuri hauzidi dakika moja na nusu. Wa Mwalimu Fulani unaweza kuwa hivi:

"Mabibi na mabwana, mzungumzaji wetu amefundisha hisabati sekondari kwa miaka 24, na wengine hapa ni wanafunzi wake, kwa hiyo kaeni vizuri. Mwaka 2017 alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale Ocean Road. Tangu hapo amekuwa akihudhuria kliniki ya ufuatiliaji na amerudi darasani. Leo atatueleza jambo moja: nini kinamfanya mtu msomi, anayekaa jirani na zahanati, achelewe kwenda kupima. Kipimo kilichopo kwenye hema letu ni cha kukuta mabadiliko kabla hayajawa saratani, na daktari atatueleza baadaye. Mwalimu atazungumza kwa dakika 15, kisha atapokea maswali akiwa na daktari pembeni yake. Mwalimu Fulani, karibu."

Tazama kilichotangulia: kazi yake. Miaka 24 ya kufundisha ndiyo inayompa mamlaka mbele ya umati ule, na utani mdogo kuhusu wanafunzi wake unawafanya watu watabasamu bila kumcheka. Ugonjwa unafuata kwa sentensi moja, ukiwa na jina, mwaka na mahali. Mambo hayo matatu yanatosha, na kila moja linaweza kuthibitishwa. Mshereheshaji anayesema "hatua ya nne" kwa sababu inatisha vizuri zaidi huenda anamfanya daktari aliyekaa safu ya mbele aanze kujiuliza, na anamlazimisha mzungumzaji ama kumsahihisha hadharani ama kuishi na uongo kwa dakika 15.

Tazama pia kisichosemwa. Hakuna "amepona kabisa". Mwalimu anahudhuria kliniki, na hilo ni kweli hata miaka ikipita. Baada ya matibabu ya saratani hii, miaka miwili ya mwanzo wagonjwa wengi hurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kwa nafasi kubwa zaidi hadi mwaka wa tano. Mionzi nayo inaacha alama zake: hedhi hukoma mapema, uke unaweza kusinyaa, kibofu na utumbo vinaweza kusumbua. Ukimtangaza kuwa "mzima kabisa", unamfungia mlango wa kuyataja. Dakta Fitzhugh Mullan wa Marekani aliliona hili akiwa na umri wa miaka 32 tu, mwaka 1975, alipokuta uvimbe kifuani mwake kwenye picha ya eksirei ambayo aliitazama mwenyewe. Miaka kumi baadaye aliandika makala katika jarida la tiba la New England akipinga mazoea ya kuwagawa watu makundi mawili, waliopona na wanaokufa. Alieleza kwamba kuna misimu: ule wa matibabu makali, ule wa kusubiri ukiwa na hofu kama ugonjwa utarudi, na ule wa baadaye ambapo hatari imepungua lakini alama zimebaki. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kitaifa cha manusura nchini mwake. Mshereheshaji hahitaji kuyasoma hayo. Anahitaji tu kumuuliza mzungumzaji yuko wapi sasa, na kuliacha jibu kama lilivyo.

Na hakuna vita. Hii lugha ya kupigana na kushinda imezoeleka mno, na wagonjwa wengine wanaipenda. Kama mzungumzaji anaipenda, ni yake, aitumie. Tatizo ni pale inapotoka kwa mshereheshaji mbele ya watu mia tatu ambao baadhi yao wamezika. Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alitangaza mapema mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi, akaonekana tena mbele ya wapiga kura wake, na Julai mwaka huo huo akafariki. Watu wa Kibra walimjua kwa shule na kwa ada za watoto wao. Nani atakayesema alipigana kidogo kuliko mwingine? Ugonjwa wake ulikuwa umeshafika mbali, basi. Kwenye mkutano wa uchunguzi hilo ndilo linalohitaji kueleweka, kwamba tofauti kubwa iko kwenye wakati ugonjwa ulipogunduliwa. Ushujaa wa aliyeugua hauingii katika hesabu hiyo.

Muujiza nao uachiwe mwenyewe. Mtu akisimama akasema "namshukuru Mungu, na nawashukuru madaktari", umati unamwelewa. Mshereheshaji akitangulia kusema ni muujiza, mama aliyekaa nyuma akiwa na matone ya damu ataelewa kwamba dawa yake iko kwenye maombi ya mkesha.

Pole ni jambo gumu zaidi, kwa sababu pole ni adabu. Mswahili hawezi kumwona mwenzake aliyeugua akapita kimya, na hakuna anayemtaka afanye hivyo. Lakini pole husemwa ana kwa ana, kwa sauti ya chini, na mwenye kupewa huitikia "ahsante, nimeshapoa". Ikiombwa kutoka jukwaani kabla mtu hajazungumza, inakuwa hukumu ya watu mia tatu kwamba huyu ni wa kusikitikiwa, naye hana namna ya kuitikia. Bora watu wapige makofi, kama wanavyompigia mzungumzaji mwingine yeyote, wakampe pole chini ya mwembe baadaye.

Kadhalika kutunza. Kwenye taarabu ni heshima, maana mwimbaji ameimba na anatuzwa kwa ufundi wake. Noti inayotolewa kabla ya neno lolote kusemwa ni sadaka. Kama waandaaji wana posho ya mzungumzaji, na wanapaswa kuwa nayo kwa sababu amelipa nauli na ameacha vipindi vyake, iandikwe kwenye bajeti pamoja na ya daktari, isainiwe, na itolewe kwenye bahasha bila kamera.

Zipo heshima nyingine ambazo kwa kweli zinawafariji watazamaji kuliko mzungumzaji. Mshairi Audre Lorde wa Marekani alikatwa ziwa mwaka 1978. Aliporudi kwa daktari siku chache baadaye bila kuweka ziwa la bandia, muuguzi alimwonya kwamba kuja hivyo kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde aliona kwamba alitakiwa kujificha ili wengine wasione mambo yalivyo, na mwaka 1980 alichapisha kitabu kuhusu safari yake hiyo. Mshereheshaji anayesema "wala huwezi kujua, anapendeza!" anafanya kile kile kwa tabasamu. Anampongeza mtu kwa kutoonekana kuwa aliugua, halafu anamkabidhi kipaza sauti aeleze kwamba aliugua.

Kuna mazingira ambayo cheo chenyewe kinatosha. Mwaka 2012 Beth Mugo, akiwa Waziri wa Afya ya Umma wa Kenya, aliutangazia umma kwamba ana saratani ya matiti. Alitibiwa, akarudi kazini, na baadaye akawa seneta. Hakuna mshereheshaji mwenye akili timamu ambaye angemkaribisha jukwaani kwa "mama huyu tulishakata tamaa naye". Angemwita Mheshimiwa, angetaja wizara yake, kisha ugonjwa. Utaratibu huo huo unamfaa muuza samaki wa Feri, ambaye naye ana kazi, ana miaka aliyoifanya, na ana watu wanaomheshimu kwa hiyo.

Siku yenyewe mambo yanaweza kwenda kombo hata maandishi yakiwa mazuri. Mwendesha muziki akaweka wimbo wa huzuni mwalimu anapopanda. Aambiwe mapema kwamba kati ya utambulisho na hotuba hakuna muziki. Mgeni rasmi akachelewa, ratiba ikasogea, mwalimu akakaa juani saa mbili. Matibabu haya yanaweza kuacha uchovu wa muda mrefu, na kiti kivulini karibu na choo si upendeleo. Kliniki ya wiki ile ikaleta jibu lisilo zuri. Kwa hiyo asubuhi mshereheshaji anampigia tena, na mwalimu akisema leo hapana, daktari anachukua nafasi na umati hauelezwi sababu.

Akilia katikati ya hotuba, jambo sahihi ni dogo sana: glasi ya maji iwekwe karibu, na mshereheshaji abaki alipo. Anayekimbia kumnyang'anya kipaza sauti na kutangaza "jamani inauma" amemaliza hotuba isiyo yake. Wengi hukaa kimya kidogo, wakameza mate, wakaendelea.

Kipindi cha maswali ndicho kinachohitaji mshereheshaji kuliko utambulisho. Swali litakuja, na mara nyingi ndilo la kwanza: "Je, mumeo bado yupo?" Walishakubaliana kwa simu kwamba mwalimu akigusa mtandio wake, mshereheshaji anaingilia. Anasema, "Ndugu, mwalimu amekuja kutueleza kuhusu kuchelewa kupima, tuulizane hapo. Swali lingine." Anasema bila kukaripia na bila kumtazama mwalimu kwa huruma. Mwingine atauliza kama dawa ya mitishamba inatosha, na hilo ni la daktari. Mwingine, huenda msichana aliyekaa na shangazi yake, atauliza kama chanjo inauma. Hapo mwalimu anaweza kujibu kama mzazi, na daktari akaongeza kwamba chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini Tanzania tangu 2018, na kwamba haiondoi haja ya kupimwa ukubwani.

Mwishoni mshereheshaji anamshukuru kwa kurudia jambo moja alilolisema, lile la miezi minane na zahanati ya njiani, kisha anawaelekeza watu: hema liko upande wa kushoto wa jukwaa, wauguzi ni wanawake, kipimo ni cha dakika chache, na ambaye yuko kwenye hedhi leo aandikishe jina apangiwe siku nyingine. Mwalimu anarudi kwenye kiti chake kivulini, na mzungumzaji anayefuata ni afisa wa bima ya afya.